Kupima ekari kwa picha ya juu: shamba moja la Mvumi, ekari za aina tatu

Mwezi Novemba, mvua zikiwa bado kunyesha, shemeji yangu wa Mvumi, wilayani Chamwino, alinipigia simu akiwa na hasira. Trekta lilikuwa limemaliza kulima shamba lake la alizeti na dereva alikuwa anadai malipo ya ekari 6. Shemeji alishikilia kuwa shamba ni ekari 4, tena alilipima mwenyewe pamoja na kaka yake. Dereva naye alisema amezunguka shamba lote kwa miguu akihesabu, na hesabu haidanganyi.

Nilimwambia shemeji asilipe wala asigombane hadi tupate picha ya juu. Kuna kijana mpiga picha za harusi mwenye droni, ile ndege nyuki, na kibali chake cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, ambaye alikuwa na kazi kijiji cha jirani. Alipita, akapiga picha moja, akaituma kwa WhatsApp. Picha hiyo, rula ya shule, tepu ya mita 50 na kikokotoo cha simu ndivyo vilivyomaliza kesi. Naandika hapa tulivyofanya, kwa utaratibu ule ule. Sitaziita sehemu hizi "hatua", maana neno hilo lina kazi yake maalumu katika ugomvi huu, kama utakavyoona.

Picha inayofaa, na isiyofaa

Picha ya kupimia eneo lazima iwe imepigwa kamera ikitazama chini moja kwa moja. Picha iliyopigwa ukiwa juu ya jiwe kubwa au mlimani ni nzuri kwa kuonyesha mipaka inapopita na mikonge ya kona ilipo, lakini usiipime. Upande wa shamba ulio karibu nawe unaonekana mrefu, wa mbali unaonekana mfupi, na shamba zima linakuwa limebonyea kana kwamba mtu amelikalia. Milimita moja ya picha huku mbele inaweza kuwa nusu mita, na kule nyuma ikawa mita mbili. Hakuna rula itakayokuokoa hapo.

Utajuaje kama droni ilitazama chini sawasawa? Angalia miti iliyo katikati ya picha. Ukiona kichwa tu cha mti, duara la matawi bila shina, kamera ilitazama chini. Ukiona shina la mbuyu au ukuta wa nyumba, ilikuwa imeinama. Pembeni kabisa mwa picha miti huonekana imelala kidogo hata kama kamera ni sawa, kwa hiyo shamba likae katikati na kuachiwa nafasi pande zote. Kipimo kingine kizuri Dodoma ni mashamba ya zabibu: mistari ya mizabibu iliyopandwa sambamba ikionekana inakaribiana kadiri inavyokwenda mbali, picha hiyo imeinama.

Watu huniuliza kama WhatsApp inaharibu vipimo kwa kuwa inapunguza ubora wa picha. Haiharibu. Inapunguza ung'avu, kona zinakuwa na ukungu kidogo, lakini umbo linabaki lile lile. Kukata kingo za picha nako hakuna madhara. Kinachoharibu ni kuvuta picha upande mmoja ili ijae kwenye karatasi, jambo ambalo vijana wa fotokopi hulifanya kwa nia njema kabisa. Mwambie asiivute. Mita zitakazopimwa ardhini, nitakazoeleza baadaye, zitamfichua akiwa ameivuta.

Kama huna mtu wa droni, picha ya setilaiti ya kwenye Google Earth inafaa pia, kwa sharti kwamba mipaka yako inaonekana. Hapa kwetu picha ya kiangazi ni shida: kuanzia Julai shamba, njia na kichaka vyote vina rangi moja ya vumbi, na pengine kilichobaki kijani ni minyaa tu. Picha iliyopigwa mwishoni mwa mvua, Aprili au Mei, huonyesha shamba lilipoishia. Angalia pia tarehe yake. Picha ya miaka sita iliyopita inapima shamba la miaka sita iliyopita.

Kubaliana kwanza mpaka ni upi

Kabla droni haijapaa, zunguka shamba na mwenyewe na, ikiwezekana, majirani. Sehemu hii inachukua muda kuliko hesabu zote, na ndiyo inayorukwa.

Shamba la shemeji lina kona nne. Kona mbili za upande wa barabara, nitakazoziita A na B, zina mikonge mizee. Kona C ni rundo la mawe. Kona D ni mbuyu. Kutoka A hadi D kuna ukuta wa minyaa, na kutoka C hadi D mpaka unafuata korongo.

Minyaa ilileta swali la kwanza. Ukuta wa minyaa ulioachwa miaka mingi hunenepa hadi mita mbili au tatu. Mpaka wa ardhi unapita katikati yake, lakini jembe la trekta halifiki katikati ya minyaa. Kama unapima ili kugawana urithi, chora mstari katikati. Kama unapima ili kumlipa aliyelima, chora pale udongo uliopinduliwa ulipoishia. Sisi tulikuwa tunamlipa dereva, kwa hiyo tulifuata udongo uliolimwa, na hilo lilikuwa rahisi kwa sababu ardhi iliyolimwa juzi inaonekana kutoka juu kwa rangi tofauti kabisa na pembezoni.

Kwenye kona tuliweka salfeti nyeupe, kila moja imefunguliwa na kutandazwa, ikagandamizwa kwa mawe manne. Konge likiwa limenyauka halionekani kutoka mita mia moja juu, lakini salfeti inaonekana kama nukta nyeupe. Mbuyu haukuhitaji salfeti, na chini ya matawi isingeonekana hata hivyo. Hapo tulichukua katikati ya duara la matawi kuwa ndipo shina lilipo. Kama matawi yameelemea upande mmoja, pima ardhini umbali kutoka shina hadi mahali pa wazi, uweke salfeti hapo, kisha urudishe umbali huo kwenye picha.

Mita za kweli ardhini

Picha peke yake haina mita. Inajua umbo la shamba, haijui ukubwa wake. Picha ile ile ingeweza kuwa ya bustani ya mchicha. Mita unazipata kwa kupima ardhini umbali kati ya vitu viwili vinavyoonekana kwenye picha.

Umbali huo uwe mrefu. Nasisitiza kwa sababu nimeona watu wakitumia paa la nyumba: wanajua nyumba ina urefu wa mita 8, wanaipima kwenye picha, wanaendelea. Kwenye picha yetu iliyochapishwa, mita 8 zilikuwa milimita 6 na kidogo. Rula ikikosea milimita moja tu hapo, umekosea karibu asilimia 16, na ukifika kwenye eneo kosa linakuwa theluthi nzima, kwa sababu eneo linazidisha urefu kwa upana na kosa linaingia mara mbili. Paa lina ubaya mwingine pia. Liko juu ya ardhi, karibu zaidi na kamera. Droni ikiwa mita 100 juu, paa lenye kimo cha mita 4 linaonekana kubwa kwa asilimia 4 kuliko lingeonekana likiwa limelala shambani.

Uwanja wa mpira nao usikudanganye. Sheria za mpira zenyewe zinaruhusu urefu wowote kati ya mita 90 na 120, na uwanja wa kijiji haujasoma sheria hizo. Nguzo za umeme pia hazina nafasi moja inayolingana kila mahali.

Tulichukua tepu ya mita 50 na kupima upande wa barabara, kutoka konge la A hadi konge la B. Mtu mmoja anashika mwanzo, mwingine anavuta, wa tatu anasimama mbali kuangalia kama mnakwenda kwenye mstari. Tepu ilijaa mara tatu kamili: mita 150. Kisha tukapima upande wa pili, B hadi C, ambao unakata upande wa kwanza karibu kwa kona ya mraba. Huu ulikuwa mita 112.

Kwa nini mara mbili? Kipimo cha kwanza kinakupa skeli. Cha pili kinakuambia kama skeli hiyo ni ya kuaminika. Picha iliyoinama, au iliyovutwa na kijana wa fotokopi, itatoa skeli mbili tofauti kwenye pande mbili zinazokatana.

Kama shamba lina mteremko, chagua mstari wa kupimia unaopita kwenye tambarare. Picha ya juu huona ardhi kana kwamba imelazwa bapa. Tepu ya mita 100 iliyolala kwenye mteremko unaopanda mita 20 inaonekana kutoka juu kama mita 98. Mvumi tulipokuwa ni tambarare, kwa hiyo halikutusumbua, lakini kwenye vilima vya Kondoa au Mpwapwa ungeliona.

Rula kwenye karatasi

Picha ilichapishwa kwenye karatasi ya A4, shamba likiwa limejaa sehemu kubwa ya karatasi. Usipime kwenye kioo cha simu. Kidole kikigusa tu, picha inakua au inapungua na skeli yako imekwisha.

Kwa rula, A hadi B ilikuwa milimita 120. Ardhini ni mita 150. Kwa hiyo:

150 ÷ 120 = 1.25

yaani milimita 1 ya picha ni mita 1.25 za shamba. Upande wa pili, B hadi C, ulikuwa milimita 90, na ardhini mita 112. Hiyo ni 1.244. Tofauti ya skeli hizo mbili ni nusu ya asilimia moja, ambayo ni ukungu wa rula tu. Picha ilikuwa safi. Mimi hukubali tofauti hadi asilimia 3. Ikizidi hapo naitupa picha na kuomba nyingine, kwa sababu kuna kitu kimeinama au kimevutwa na sijui ni wapi.

Sasa skeli ya eneo. Milimita moja ya mraba kwenye karatasi ni kijishamba chenye mita 1.25 kila upande:

1.25 × 1.25 = 1.5625

Milimita 1 ya mraba ni mita za mraba 1.5625. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa: wanapata eneo la karatasi, kisha wanalizidisha kwa 1.25 mara moja tu. Shamba linapungua bila sababu, na hawajui kwa nini.

Pembetatu mbili

Shamba la kona nne lisilo na kona za mraba halipimwi kwa kuzidisha urefu kwa upana. Likate kwa mstari mmoja kutoka kona hadi kona ya mkabala, upate pembetatu mbili. Sisi tulichora kutoka A hadi C. Mstari huo ulikuwa milimita 147.

Kila pembetatu inahitaji kimo, yaani umbali kutoka kona iliyobaki hadi kwenye mstari ule, ukiukata kwa kona ya mraba. Huhitaji vifaa vya kuchorea. Chukua daftari, laza ukingo wake mmoja juu ya mstari A–C, ulisogeze taratibu hadi ukingo wa pili, ule unaosimama, uguse kona B. Weka alama chini, pima. Tulipata milimita 73.5 kutoka B, na milimita 87.5 kutoka D upande wa pili.

Kwa kuwa pembetatu zote mbili zina kitako kimoja, unajumlisha vimo kwanza:

73.5 + 87.5 = 161

147 × 161 ÷ 2 = 11,833.5

Hizo ni milimita za mraba za umbo lenye pande nne zilizonyooka. Ukiwa na wasiwasi, rudia kwa kukata mstari wa pili, B hadi D. Majibu mawili yanatakiwa yakaribiane sana. Yakitofautiana kwa zaidi ya asilimia 2, kuna kona uliyoisoma vibaya, na mara nyingi ni ile isiyo na salfeti.

Shamba lenye kona tano linapata pembetatu tatu, la kona sita pembetatu nne, kwa njia hiyo hiyo. Ukiona pembetatu nyembamba kama mwiba, badilisha mahali pa kukata, maana kimo kifupi sana kina kosa kubwa kwa kila nusu milimita.

Upande wa korongo

Korongo halinyooki. Kati ya C na D mstari wa rula ulipita ndani ya shamba, na ardhi iliyolimwa ilitokeza nje ya mstari kama tumbo. Kipande hicho ni cha shamba, lazima kiongezwe. Kama korongo lingekuwa limeingia ndani ya mstari, kingepunguzwa.

Mstari C–D ulikuwa milimita 123. Tuliugawa vipande sita sawa, kila kimoja milimita 20.5. Kwenye kila mgawanyo tulipima umbali kutoka mstari wa rula hadi ukingo wa korongo. Kwenye kona zenyewe umbali ni sifuri, na katikati tulipata milimita 2, 4, 5, 3 na 1. Jumla 15.

15 × 20.5 = 307.5

Ndivyo ilivyo, jumla ya umbali mara upana wa kipande kimoja. Korongo likizunguka sehemu moja nje na sehemu nyingine ndani, umbali wa ndani uuandike kwa alama ya kutoa.

Kuna anayependa kuweka karatasi ya grafu inayoangaza juu ya picha na kuhesabu viboksi. Inafaa kwa shamba lenye umbo la kiazi. Kwa shamba lenye kona zinazojulikana naona inachosha macho, na baada ya viboksi mia mbili mtu anaanza kusahau alipofika.

Jambo moja kuhusu korongo kama mpaka: linahama. Kila masika kingo zake zinamong'onyoka, na kipande cha shamba kinakwenda na maji. Kwenye mpaka wa aina hiyo picha ya setilaiti ya zamani itakupa ardhi ambayo haipo tena. Tumia picha mpya.

Kutoka milimita hadi ekari

Jumlisha:

11,833.5 + 307.5 = 12,141

12,141 × 1.5625 = 18,970

Shamba ni mita za mraba 18,970. Hekta moja ni mita za mraba 10,000, kwa hiyo ni karibu hekta 1.9. Ekari moja ni mita za mraba 4,047:

18,970 ÷ 4,047 = 4.69

Ekari 4.7. Shemeji alisema 4, dereva alisema 6. Wote wawili walinitazama kama nimekuja kuwaibia.

Ukweli wa hiyo 4.7

Kabla ya kuwapelekea namba, ni vizuri kujua yenyewe inayumba kiasi gani. Rula ikikosea nusu milimita kwenye mstari wa 120, ni chini ya nusu ya asilimia kwenye urefu, na chini ya asilimia moja kwenye eneo. Hilo ni dogo. Kosa kubwa linatoka kwenye mpaka wenyewe. Mzunguko wa shamba hili ni kama mita 550. Ukichora mpaka mita moja nje zaidi kuzunguka shamba lote, umeongeza mita za mraba 550, yaani asilimia 3 hivi, au ekari 0.14. Kwa hiyo nikisema 4.7, maana yangu ni kwamba shamba liko kati ya 4.5 na 4.9. Anayeandika 4.687 kutoka kwenye picha ya namna hii anajidanganya kwa tarakimu.

Shamba dogo linaumia zaidi. Robo ekari ina mzunguko mrefu ukilinganisha na eneo lake: kama ni mraba, upande ni mita 32 hivi, na mita moja ya ziada kuzunguka inaongeza zaidi ya asilimia 12. Kiwanja cha nyumba usikipime kwa picha. Kipime kwa tepu.

Tulihakikisha kwa njia ya pili pia. Niliporudi mjini nilifungua Google Earth, nikachagua `Measure`, nikagusa kona zile zile na kufuata korongo kwa nukta kadhaa. Ilitoa mita za mraba 18,800, ambazo ni ekari 4.6 na kitu. Ukiwa na bando na picha iliyo wazi, chombo hicho kitakupa jibu bila rula wala daftari. Ila dereva asingekikubali. Alitaka kuona mita zinavyopatikana, na karatasi yenye mistari ilimwonyesha.

Na namba hii ina mwisho wa kazi yake. Inatosha kumlipa mtu wa trekta, kununua mbegu, kukodisha shamba kwa msimu. Ukitaka hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, mipaka inahakikiwa pale shambani pamoja na majirani na kamati ya kijiji, na picha yako ya droni itakaa mfukoni.

Ekari tatu tofauti

Kilichobaki kilikuwa kujua 4 na 6 zilitoka wapi, maana hakuna kati yao aliyekuwa mwongo.

Kila mkulima huku anajua kwamba ekari ni sabini kwa sabini. Ekari ni yadi za mraba 4,840, na mraba wa ukubwa huo una yadi 69.6 kila upande. Ukisema sabini hujakosea sana, ilimradi kila hatua yako iwe yadi moja, yaani sentimita 91. Hiyo ni hatua ya mtu anayejinyoosha kwa makusudi.

Nilimwomba dereva atembee upande wa barabara, kutoka konge hadi konge, kama anavyotembea akipima. Alihesabu hatua 188 kwenye mita 150. Kila hatua yake ni sentimita 80. Sabini zake ni mita 56, na ekari yake ni 56 × 56, mita za mraba 3,136. Gawa 18,970 kwa 3,136: unapata 6.05. Alikuwa amehesabu sawasawa kabisa, ekari sita, kila moja ikiwa ndogo kwa karibu robo.

"Na wewe shemeji, ulipima kwa hatua?"

"Hatua za nini? Mimi na kaka tulipima kwa tepu. Mita sabini kwa mita sabini."

Mita 70 kwa 70 ni mita za mraba 4,900. Hiyo ni ekari moja na robo kasoro. Gawa 18,970 kwa 4,900: 3.87. Akaiita 4.

Dereva alikaa kimya, akachukua kikokotoo, akarudia hesabu zote mbili mwenyewe huku shemeji akimsimamia begani. Walilipana kwa 4.7. Kisha dereva akaomba tepu, akakata kamba ya manila yenye mita 63 na sentimita 60, ambao ndio upande wa ekari ya mraba, akafunga fundo kila mwisho na kuitupa nyuma ya kiti cha trekta.